Stopu haikufuata bei: kutafuta kosa kwenye oda ya mabano ya MetaTrader 5

Dogo mmoja ninayemfundisha alinitumia picha ya skrini saa mbili asubuhi. "Kaka shikamoo. Stopu yangu haikufuata. Jana usiku nilikuwa na faida ya dola 27, leo naamka nakuta hasara ya dola 20. Broka kanichezea?"

Nikamuuliza swali moja tu: laptopu ulizima saa ngapi?

Biashara yake ilikuwa hivi. Alinunua EURUSD loti 0.10 kwa 1.08500. Kinga ya hasara aliiweka 1.08300 na lengo la faida 1.08900, kisha akawasha stopu inayofuata bei ya pointi 200. Hiyo ndiyo oda ya mabano: kiingilio katikati, bano moja juu la kuchukua faida, bano jingine chini la kukutoa bei ikikugeuka. Bei ikigusa bano moja, la pili linakufa lenyewe. Stopu inayofuata ni lile bano la chini likiwa na miguu: bei ikipanda linapanda nayo, bei ikirudi linabaki pale lilipofika.

Nitatumia biashara hiyo hiyo kueleza sehemu kubwa ya makosa ninayoulizwa. Karibu yote yanajibiwa na maswali mawili: oda hii imeshikwa na nani, na ni bei gani inayoiamsha?

Stopu haikusogea hata kidogo

Ukijaza S/L, yaani kinga ya hasara, na T/P, yaani lengo la faida, kwenye MetaTrader 5, namba hizo zinakwenda kwa seva ya broka na kukaa huko. Umeme ukatike, bando liishe, laptopu idondoke chini, zinabaki zinafanya kazi. Stopu inayofuata, Trailing Stop, haiko hivyo. Hiyo inaishi ndani ya programu iliyo kwenye kompyuta yako. Programu ndiyo inayoangalia bei, inapiga hesabu, kisha inaituma seva amri ya kubadilisha S/L. Seva yenyewe haijui kabisa kwamba wewe una stopu inayofuata. Inachojua ni S/L ya mwisho iliyotumiwa.

Dogo alifunga laptopu faida ikiwa dola 15. Akalala, akaamka usiku wa manane, akachungulia kwenye simu: dola 27. Akajiambia stopu imeshapanda, akalala tena. Kumbe simu inaonyesha biashara tu. Programu ya MetaTrader ya simu haina stopu inayofuata, wala haiwezi kuendesha ile uliyoiwasha kwenye laptopu. Bei ilifika 1.08770, ikageuka, ikashuka mpaka 1.08300. Seva ikafanya ilichoagizwa.

Namna ya kuhakikisha kwamba tatizo ni hili: fungua Toolbox kwa Ctrl+T, nenda kwenye Journal, tafuta mstari wa kubadilisha oda. Stopu ikiwa imesogea utaona kitu kama hiki:

```
modify #51200417 buy 0.1 EURUSD sl: 1.08300, tp: 1.08900 -> sl: 1.08500, tp: 1.08900
```

Kwa dogo hakukuwa na mstari wowote wa aina hiyo. Saa za usiku zote zilikuwa tupu, maana laptopu yenyewe ilikuwa imelala. Kama laptopu ingekuwa macho, kwenye kilele cha 1.08770 S/L ingekuwa imefika 1.08570, na bei iliporudi angetoka na faida ya dola 7 au karibu na hapo. Si 27, na hilo nalo huwa nawakumbusha watu: stopu inayofuata hukupa kilele ukitoa umbali wake.

Dawa ni kompyuta isiyolala. Wengi wetu tunakodi VPS, yaani kompyuta ya mbali inayowaka usiku na mchana, tunaweka MetaTrader humo na kuwasha stopu humo humo. Kuna kosa dogo linalowakuta wageni wa VPS. Wakimaliza kazi wanabonyeza Sign out, na Windows inafunga kila programu iliyokuwa wazi, MetaTrader ikiwemo. Funga dirisha la kuunganishia tu, au chagua Disconnect, programu zibaki zinaendelea kule. Na kila unapowasha programu upya, bonyeza kitufe cha kulia juu ya biashara, ingia Trailing Stop, uone kama alama ya tiki bado iko kwenye umbali uliouchagua. Usidhani, angalia.

Asiye na VPS afanye kwa mkono: akienda kulala, asogeze S/L mwenyewe mpaka pale anaporidhika. Hiyo simu inaweza, na ikishasogea iko kwa seva.

Kompyuta ilikuwa macho, na bado stopu haikusogea

Hapa mara nyingi hakuna kosa lolote la mashine. Stopu inayofuata ya MetaTrader haianzi kazi pale unapoiwasha. Inasubiri kwanza faida ifike umbali uliouandika. Ukiandika pointi 200, basi mpaka faida ya pointi 200 ipatikane, S/L inabaki pale ulipoiweka mwanzo.

Turudi kwa biashara ya dogo, safari hii laptopu iwe inawaka. Amenunua kwa 1.08500. Bei ikipanda mpaka 1.08690, faida ni pointi 190. Stopu haigusi kitu. Bei ikigeuka hapo na kushuka moja kwa moja, anatoka 1.08300 na hasara kamili ya dola 20, ilhali dakika chache nyuma alikuwa na faida ya dola 19. Anaona kama kaibiwa. Lakini bei ingefika 1.08700 tu, S/L ingeruka kutoka 1.08300 mpaka 1.08500, pale pale alipoingilia. Ikifika 1.08812, S/L inakuwa 1.08612. Hapo hata soko likianguka, anatoka na faida ya pointi 112, dola 11 na senti 20 kwa loti 0.10.

Kwa hiyo kabla ya kulalamika, soma faida ya juu kabisa biashara ilipofika, uilinganishe na umbali wako. Pima kwa Bid kama umenunua na kwa Ask kama umeuza; bei hizi mbili nitazieleza mbele kidogo.

Halafu kuna suala la pointi na pipsi, ambalo limekula pesa za watu wengi kuliko wanavyokubali. Broka wengi wanaonyesha EURUSD kwa tarakimu 5 baada ya nukta. Pointi ni ile tarakimu ya mwisho kabisa, na pipsi moja ni pointi 10. Mtu anataka stopu ya pipsi 20, anaandika 20, programu inaelewa pointi 20, yaani pipsi 2. Bei ikimpa pipsi 2 tu za faida stopu inaruka na kukaa kwenye bei ya kuingilia, soko linapumua kidogo, nje. Dalili yake huijui mpaka uone historia: msururu wa biashara zilizofungwa kwa sifuri au senti chache, huku bei ikiendelea na safari bila yeye.

Kwa dhahabu hesabu inageuka tena. XAUUSD kwa broka mmoja ina tarakimu 2 baada ya nukta, kwa mwingine 3. Pointi 500 kwa wa kwanza ni mwendo wa dola 5. Kwa wa pili ni senti 50, ambazo dhahabu inazimaliza kabla hujakunja nne. Ukihama broka na mazoea yako ya namba, umehamia balaa. Skripti hii fupi, ukiiendesha juu ya chati, inakuambia ukweli wa broka wako:

```
void OnStart()
{
   Print("Point: ", DoubleToString(_Point, _Digits));
   Print("Stops level: ", SymbolInfoInteger(_Symbol, SYMBOL_TRADE_STOPS_LEVEL));
   Print("Spread: ", SymbolInfoInteger(_Symbol, SYMBOL_SPREAD));
}
```

Majibu yanatokea kwenye kichupo cha Experts. Namba ya kwanza ndiyo thamani ya pointi moja. Ya pili na ya tatu tutazihitaji sasa hivi.

Nimepigwa stopu na chati haijafika pale

Malalamiko haya yanatoka zaidi kwa waliouza kuliko walionunua, na hiyo peke yake ni dalili.

Soko lina bei mbili kila wakati. Bid ni bei wanayonunulia kwako, Ask ni bei wanayokuuzia, na tofauti yake ni spredi. Ukinunua unaingia kwa Ask na kutoka kwa Bid. Ukiuza unaingia kwa Bid na kutoka kwa Ask. Sasa chati ya MetaTrader kwa kawaida inachorwa kwa Bid. Aliyenunua anaona kwenye mishumaa bei ile ile itakayoamsha stopu yake. Aliyeuza anaangalia mishumaa ya bei moja, stopu yake inaamshwa na nyingine asiyoiona.

Chukua mfano: umeuza EURUSD loti 0.10 kwa 1.08500, S/L iko 1.08700. Mchana spredi ni pipsi 1, tofauti huioni. Usiku Bid inapanda mpaka 1.08655, ndiko ulikoishia mshumaa. Pipsi 4.5 kabla ya stopu yako, unasema uko salama. Lakini wakati huo spredi imetanuka na kufika pipsi 6, kwa hiyo Ask iko 1.08715. Stopu imeamka, biashara imefungwa kwa 1.08715, hasara dola 21.50.

Kwa nini spredi itanuke saa hiyo? Siku ya soko la fedha za kigeni inafungwa saa 11 jioni kwa saa za New York. Mabenki yanapunguza bei wanazotoa kwa muda na soko linakauka. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa sita kamili usiku wakati Marekani imesogeza saa mbele, na saa saba usiku miezi mingine. Wakati mwingine wa kuangalia ni takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi: saa tisa na nusu alasiri yetu, au saa kumi na nusu, kutegemea hiyo hiyo saa yao.

Kuthibitisha ni rahisi. Bonyeza F8 juu ya chati, nenda sehemu ya Show, washa mstari wa Ask. Kisha kwenye History tazama maelezo ya biashara iliyofungwa. Kama yameandikwa `[sl 1.08700]` basi ni S/L yako iliyoamka, si broka kukufunga kwa sababu nyingine. Tazama pia saa. Ikiwa ni saa ya seva 00:00 hadi 00:15 au hivi, usitafute mchawi.

Marekebisho: ukiuza, ongeza spredi ya usiku juu ya S/L yako, si spredi ya mchana. Na stopu inayofuata ya karibu karibu kwenye biashara ya kuuza, usiivushe saa sita usiku. Mimi binafsi naizima saa tano na nusu na kuacha S/L ya kawaida peke yake.

"Invalid stops"

Ujumbe huu, au namba 10016 kwa anayetumia roboti, mara nyingi una maana mbili: bano liko upande usio wake, au liko karibu mno.

Upande: ukinunua, S/L chini na T/P juu; ukiuza, kinyume. Watu hawakosei hilo kwa biashara ya papo hapo. Wanakosea kwa oda inayosubiri, kwa sababu wanapima mabano kwa bei ya sasa badala ya bei ya oda. Ukiweka Buy Stop 1.09000 wakati soko liko 1.08500, S/L ya 1.08800 ni sawa kabisa ingawa iko juu ya bei ya sasa.

Ukaribu: ile namba ya Stops level ndiyo umbali mdogo kabisa ambao broka anaruhusu, kwa pointi. Ikiwa 50 na wewe unataka stopu ya pointi 30, kila jaribio litakataliwa. Ikiwa sifuri, usishangilie haraka. Sifuri inaweza pia kumaanisha kwamba broka anabadilisha umbali huo mwenyewe kadiri soko linavyokwenda, na programu yako haioni.

Lengo limegusa, na bado nina biashara

Hili limenikuta mimi, siku nilipohama kutoka programu ya broka wa hisa kuja MetaTrader. Kule nilizoea kuweka oda tatu zilizofungwa pamoja: ya kuingia, ya faida, ya kinga, mojawapo ya mbili za mwisho ikitimia nyingine inafutwa. Nikaja huku, nikanunua EURUSD loti 0.10, kisha kwa mazoea nikaweka Sell Limit juu na Sell Stop chini kama oda za kujitegemea. Zile sehemu za S/L na T/P niliziacha wazi.

Bei ikapanda ikagusa Sell Limit. Nikatabasamu. Nikaangalia chini: kununua 0.10 bado ipo, na pembeni yake imefunguka kuuza 0.10. Akaunti yangu ilikuwa ya aina ya hedging, ambamo kila oda inafungua biashara yake. Sell Limit haikufunga chochote. Ilifungua biashara ya pili upande wa pili. Faida ikasimama palepale, haiongezeki wala haipungui, isipokuwa ada za kulala. Nikatoka kwenda kutafuta chakula nikifikiri nitarekebisha nikirudi. Bei ikashuka mpaka ile Sell Stop iliyosahaulika, nayo ikafunguka. Nimerudi nakuta nina kununua 0.10 na kuuza 0.20, na soko linapanda tena.

Kwenye akaunti ya hedging mabano yaandikwe ndani ya oda yenyewe, kwenye S/L na T/P. Hapo yanakuwa mali ya biashara hiyo, na yanakufa nayo. Hata ukifunga nusu ya loti, nusu iliyobaki inabaki na mabano yake.

Kwenye akaunti ya netting oda zangu mbili zingefanya kazi nusu. Sell Limit ingefunga biashara kweli, maana humo kila chombo kina biashara moja tu. Lakini Sell Stop ingebaki inaning'inia, ikisubiri kukufungulia biashara ya kuuza ambayo hukuiomba. Na netting ina mtego wake: ukiongeza kununua juu ya biashara iliyopo na oda mpya ikawa na S/L yake, S/L hiyo mpya inatawala biashara nzima na ya zamani inafutika. Ukikuta stopu imehama bila wewe kuigusa, tafuta oda ya mwisho uliyoongeza. Kujua akaunti yako ni ya aina gani, soma kichwa cha dirisha la programu. Kimeandikwa Hedge au Netting.

Stopu imefanya kazi, lakini kwa bei mbaya

Lengo la faida kwa kawaida hutimizwa kwa bei uliyoandika au bora zaidi. Stopu haina ahadi hiyo. Bei ikiigusa, stopu inageuka kuwa oda ya sokoni, inafungwa kwa bei ya kwanza inayopatikana. Siku tulivu tofauti ni sehemu ya pipsi. Soko likifungwa Ijumaa na kufunguka Jumatatu likiwa limeruka, tofauti ni lile pengo zima, na stopu inayofuata hailisaidii lolote kwa sababu hakukuwa na bei za kufuata katikati.

Mfano mkubwa ni 15 Januari 2015. Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeshikilia faranga isivuke 1.20 kwa yuro tangu Septemba 2011, ikaachia ghafla asubuhi hiyo. Watu wengi walikuwa wamenunua EURCHF na kuweka stopu chini kidogo ya 1.20. Stopu zote ziliamka kwa pamoja na chini yake hakukuwa na mnunuzi, wengi wakafungiwa kwa bei za mbali mno, wengine wakabaki na deni kwa broka. Mashine hazikuharibika. Stopu zilifanya kazi yake: ziliuza kwa bei iliyopo.

Ukitaka kupima mteleza wako, chukua kwenye History bei ya `[sl ...]` na bei halisi ya kufungia, toa moja kwa nyingine, fanya hivyo kwa biashara zako 20 za mwisho. Ikiwa tofauti kubwa ziko kwenye saa za habari na Jumatatu alfajiri, ni soko. Ikiwa zimetapakaa saa zote na kila mara zinakuumiza wewe, hapo ndipo nitamruhusu dogo kumwandikia broka barua.